Barua Tatu za Mikate

Watu wanaonijua watacheka wakisikia kwamba niliwahi kudai deni kwa upole. Mimi si mpole. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekwisha kasirika, nikalia kabla hata mkunga hajanigusa. Lakini kabla ya vita nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali hapa Bunia, na kazi ya karani ni kuandika kwa adabu mambo ambayo mkubwa wake anayasema kwa matusi. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi. Hasira yangu ikajifunza kuvaa koti na tai.

Vita vilipokuja, ofisi ilivunjwa, wakabeba viti, milango, mpaka vioo vya madirisha. Mshahara ulikuwa umekwisha kukatika zamani, basi sikulia sana. Nilihamia kwa dada yangu mkubwa, katika kata ya Lumumba. Yeye alikuwa mjane mwenye watoto wanne na tanuri la udongo nyuma ya nyumba. Yeye alioka mikate, mimi niliuza. Hatukuwa matajiri ila tulikula.

Kisha wakaja askari wa kigeni, mji ukatulia kiasi, na mashirika yakarudi na magari yao meupe. Shirika moja lilikuwa na madarasa ya muda kwa watoto waliokimbilia kambini karibu na uwanja wa ndege. Likatafuta mtu wa kupeleka mikate kila asubuhi, watoto wanywe nayo chai. Nilikwenda kuomba kazi hiyo na gauni langu la ofisini, lile moja lililobaki, na nikaipata. Nilipoonyesha karatasi ya agizo nyumbani, dada yangu aliiweka kichwani akacheza nayo uani mpaka watoto wakaona aibu.

Shida ilikuwa unga. Mikate ya watoto wale wote ilihitaji magunia ambayo hatukuwa na uwezo wa kuyanunua. Mfanyabiashara mmoja wa unga, ambaye malori yake yalipita njia ya Komanda kila barabara ilipofunguka, alikubali kutukopesha. Ila alitaka dhamana. Kitu pekee chenye thamani nyumbani kilikuwa fishi ya parcelle, yaani ile karatasi inayoonyesha kiwanja ni cha nani. Shemeji yangu aliiacha alipokufa, na dada yangu alikimbia nayo mara mbili wakati wa mapigano, ameifunga tumboni kwa kitambaa. Akaitoa. Alimpa yule mfanyabiashara kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia njiani, “Kama weye na ile Wazungu yako munanidanganya, minakufa mu barabara na batoto yangu.”

Tulioka. Kila asubuhi nilipeleka mikate na hati ya kupeleka, mtunza ghala wa shirika akahesabu, akasaini. Agizo lilipomalizika, mtunza ghala na mwalimu mkuu wa kambi walitia saini hati ya mwisho kwamba vyote vilifika na vilikuwa vizuri. Nikaandika faktire, yaani hati ya kudai malipo, nakala tatu, jumla kwa tarakimu na kwa maneno kama inavyotakiwa, nikaambatisha agizo na hati zote. Mkataba ulisema malipo yatatoka ndani ya siku thelathini tangu faktire ipokelewe. Mhasibu wa shirika, kijana wa kwetu mwenye shati jeupe na saa kubwa, alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu bila hata kuinua macho. Hiyo ndiyo desturi ya ofisi zetu, na nitaieleza kwa sababu yote yametoka hapo. Karatasi yoyote ukiileta, unakuja na nakala yake, wanakupigia muhuri na tarehe na saini, unaondoka nayo. Karatasi isiyo na muhuri haikufika, hata kama uliiweka mikononi mwa mtu ukaona akiisoma.

Siku thelathini zikapita. Sikuona senti.

Yule mfanyabiashara wa unga akaja. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Alikaa kwenye kiti, akanywa maji, akaulizia watoto. Kisha akasema na yeye anadaiwa huko anakonunua unga, na mwisho wa mwezi lazima apeleke pesa. “Mama, minaheshimu nyinyi,” alimwambia dada yangu. “Lakini kama mwezi inaisha na franga hakuna, parcelle nitauzisha. Iko mutu anaitaka.” Dada yangu alichukua kikombe akaenda kukiosha. Mtu anayemfahamu dada yangu akimwona kimya, anatafuta pa kusimama.

Alipoondoka ndipo akapasuka. Alitaka twende siku ileile kwenye lango la shirika, tuvue vitambaa vya kichwa, tupige kelele mpaka Wazungu watoke. Nilimwambia ngoja niandike kwanza.

“Barua!” alisema. “Batoto watakula barua?”

Barua ya kwanza niliiandika kwa mkono, kwa Kifaransa cha ofisini, na karatasi ya kaboni chini yake. Nilisema nina heshima kubwa ya kuja mbele yao nikiwakumbusha, kwa unyenyekevu, faktire yangu ya tarehe fulani, iliyopokelewa tarehe fulani. Nilisema naelewa wana kazi nyingi na hali ya mji ni ngumu, na bila shaka jambo hili dogo liliwapita tu machoni. Nikamalizia kwa kuwashukuru mapema na kuwaomba wapokee hisia zangu zilizo bora kabisa. Nilimsomea dada yangu kwa Kiswahili. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nimebadili dini.

“Hisia bora za nini? Hii barua iko mu magoti.”

“Ndiyo,” nilisema. “Ya kwanza lazima ipige magoti. Ukianza kwa kusimama, ya pili itakwenda wapi?”

Hilo nilijifunza kwa mkubwa wangu wa zamani. Ukitukana katika barua ya kwanza, umempa mdeni sababu ya kukasirika, na mdeni aliyekasirika anajiona yeye ndiye anayedai. Barua ya kwanza ya adabu haimletei mtu pesa mara nyingi. Inamnyima kisingizio.

Mhasibu alipiga muhuri kwenye nakala yangu huku akiongea na mwenzake habari za mpira. Wiki moja, kimya.

Nikaenda mwenyewe kuuliza. Alinipokea vizuri sana, vizuri mno, akafunga mlango. “Mama, dosye yako iko nakosa kitu kimoya,” alisema.

Nilidhani nimesahau hati mojawapo katika faili langu. “Kitu gani, Papa?”

Akatabasamu. “Weye ni mutu mukubwa, ulitumika mu serikali. Unajua.”

Nilijifanya mjinga, jambo ambalo linanigharimu sana. Nikamwambia sijui. Ndipo akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba watu wote wanafanya hivyo. Nisaini kwamba nimepokea yote, kisha sehemu moja ya kumi nimwachie yeye pale mezani. Kwetu jambo hili lina jina, linaitwa opération retour, yaani operesheni ya kurudisha, na ni jina zuri kweli kwa wizi, utafikiri ni jambo la jeshi.

Nitasema wazi nilivyojisikia. Damu ilinichemka mpaka masikio yakapiga kengele. Nilimwona dada yangu amepinda mgongo mbele ya tanuri, macho mekundu kwa moshi, na kijana huyu wa saa kubwa anataka mkate mmoja katika kila kumi ambayo hakuichoma hata mmoja. Na hesabu ilikuwa mbaya vilevile. Faida yetu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba tukitoa sehemu hiyo, deni la unga halilipiki lote, na mfanyabiashara alikuwa amekwisha sema kwamba nusu hataki. Kumpa huyu kulikuwa ni kupoteza kiwanja vilevile, kwa adabu zaidi kidogo.

Nikasimama, nikashukuru, nikatoka. Ulimi niliuuma kwelikweli, nyumbani nilisukutua damu.

Jirani yetu mmoja alisikia habari. Alikuwa na mpwa wake aliyebaki na bunduki baada ya wanamgambo wenzake kukimbilia vijijini. Akatuambia kwamba kijana anaweza kwenda “kuongea” na mhasibu, kwa nusu ya pesa. Mwaka ule watu wengi walidai madeni hivyo. Dada yangu alifikiri kidogo, nilimwona akifikiri, na sikumlaumu. Kisha akasema hapana. Alisema mtu akikusaidia na bunduki leo, kesho yeye ndiye unayemlipa, na mwezi ujao pia. Akageuka kwangu kwa hasira kana kwamba ni mimi niliyeshauri. “Andika basi! Kazi yako si kuandika?”

Barua ya pili ndiyo ninayojivunia kuliko zote, ingawa watu wakisikia hadithi hii husifu ya tatu. Haikuwa ndefu. Niliandika kwamba narejea faktire yangu na barua yangu ya kwanza, zote zimepokelewa kwa muhuri. Kwamba siku za malipo zilizoandikwa katika mkataba zimepita. Na kwamba, kufuatana na mazungumzo yetu ya tarehe fulani ofisini mwake, ambapo Bwana Mhasibu aliniarifu kwamba kuna kitu kimoja kinachokosekana katika dosye, namwomba anitajie kitu hicho kwa maandishi, ndani ya siku saba, ili nikilete bila kuchelewa. Nikaambatisha tena nakala za kila kitu, na orodha yake. Hakuna hata neno moja baya. Maneno ya unyenyekevu niliyaondoa, ila ya heshima niliyaacha.

Nilimsomea dada yangu. Akaniomba nirudie sehemu ya kitu kinachokosekana. Nikarudia. Akaanza kucheka taratibu, tumbo kwanza.

“Ataandika nini sasa?” aliuliza. “Ataandika: inakosa franga yangu?”

“Hataandika kitu,” nilisema.

Kosa la yule kijana lilikuwa la watu wote wa ofisi. Mkono wake ulizoea muhuri kuliko macho yake yalivyozoea kusoma. Alichukua karatasi, akaona jina langu, akadhani ni yule mama wa mikate na unyenyekevu wake tena. Akapiga muhuri, tarehe, saini, akanirudishia nakala. Hata kabla sijafika langoni, alikuwa amekiri kwa muhuri wa shirika kwamba amepokea swali ambalo hawezi kulijibu.

Siku saba hizo zilikuwa ngumu. Mfanyabiashara wa unga alikuja na yule mtu anayetaka kiwanja. Hawakugombana nasi. Yule mtu alitembea uani kwa hatua ndefu, akihesabu kwa sauti ya chini, kutoka kwenye ukingo wa kiwanja mpaka ukutani, akalizunguka tanuri, akaligonga kwa mguu. Alimuuliza mwenzake kama kulibomoa ni kazi kubwa. Dada yangu alikuwa anakanda unga wa mwisho tuliokuwa nao. Hakuacha kukanda. Mtoto wake mkubwa alimuuliza yule ni nani, naye akamjibu kwamba ni mtu amepotea njia. Walipoondoka aliingia ndani, na mimi nikamaliza kukanda kwa sababu unga ulikuwa umekwisha tiwa hamira.

Siku ya saba ikapita. Jibu halikuja, kama nilivyojua.

Barua ya tatu sikuiandika kwa mkono. Kulikuwa na mzee mmoja karibu na soko aliyeokoa mashini yake ya kuandika, akafanya kazi chini ya turubai. Nilimlipa kwa mikate. Alitaka kuniandikia kwa maneno yake mwenyewe, nikamwambia hapana, mimi nitasema na wewe utapiga. Baada ya mistari michache aliniangalia juu ya miwani akauliza, “Ulikuwa unatumika wapi, Mama?” Nikamwambia. Akasema, “Ah,” akavuta kiti karibu.

Wasio wa kwetu hawajui jambo moja la barua zetu. Juu kabisa, upande wa kushoto, hata kabla ya jina la unayemwandikia, kuna mahali pa kuandika nakala imepelekwa kwa nani na nani, kwa taarifa. Mtu wa ofisi akipokea barua, macho yake hayaendi kwenye barua, yanakwenda hapo kwanza. Mahali hapo pakiwa patupu, barua ni ya wewe na yeye. Mahali hapo pakiwa na majina, barua ina mashahidi. Barua zangu mbili za kwanza hazikuwa na jina lolote. Hii ya tatu ilikuwa na matatu: mkuu wa kituo chao hapa Bunia, ofisi yao kubwa ya Kinshasa, na mkutano wa mashirika yote uliokuwa ukifanyika mjini kila wiki. Mzee alipomaliza kuyapiga majina hayo alikohoa.

Chini yake niliweka mambo bila mapambo. Mikate iliagizwa, ikapelekwa, ikapokelewa, ikaliwa. Faktire ilipokelewa tarehe hii, kumbusho la kwanza tarehe hii, la pili tarehe hii. Niliomba kwa maandishi nitajiwe kitu kinachokosekana, siku saba zimepita na hakuna kilichotajwa, kwa hiyo dosye imekamilika kwa ungamo lao wenyewe. Ninawataka walipe jumla yote, bila kupunguza chochote, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Wakishindwa, sitapeleka tena hata mkate mmoja kwa shirika hilo, na nitaeleza kwa mashahidi waliotajwa hapo juu mazungumzo yetu yote, pamoja na yale ya mlango uliofungwa. Hisia zangu bora nilizinyima. Niliandika tu “salamu” na saini.

Nilikwenda Alhamisi asubuhi. Dada yangu alikataa kubaki. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kunifuata nyuma kimya, jambo lililonitia hofu kuliko kitu chochote. Bahasha tatu za nakala nilizishika mkononi ili zionekane.

Mhasibu alichukua barua, na safari hii macho yalikwenda juu kushoto. Nikayaona yakisimama. Kisha akasoma yote, mpaka chini, akarudi juu. Akafungua kifungo cha juu cha shati jeupe.

“Mama,” alisema, “tusifike mbali. Siye wote ni batu ya hapa. Rudia kwako na hii karatasi, kesho utakula franga yako.”

“Muhuri kwanza,” nilisema.

“Hii siwezi kupokea.”

“Basi andika kwamba umekataa.”

Hakuandika wala hakupiga muhuri. Aliisukuma barua mezani kwangu kwa ncha ya kidole, akatoka, akamwagiza mlinzi atutoe. Hapo nilikaribia kushindwa. Barua isiyo na muhuri haikufika, nimekwisha sema. Kesho angekana kila kitu, na mwisho wa mwezi haukuwa mbali.

Mlinzi akaja, mtu mzima, akatuangalia. Dada yangu alikaa kwenye benchi la ukumbini, akatandaza kitenge vizuri magotini kama yuko ibadani. “Muniue hapa,” alimwambia mlinzi kwa utulivu. “Mikate yangu ilipita pa hii mulango kila asubuhi. Weye ulikuwa unafungula. Sasa franga haina mulango?” Mlinzi akakuna kichwa. Alikuwa amekula mikate ile mara nyingi, tulikuwa tukimpa mmoja. Akasema, kwa kuangalia ukuta, kwamba yeye ameambiwa atutoe lakini hakuambiwa saa ngapi, na kwamba mkuu wa kituo amekwenda uwanja wa ndege na gari lake halikawii.

Tukakaa. Mhasibu alipita mara kadhaa, kila mara na karatasi tofauti mkononi, akijifanya hatuoni.

Gari jeupe likaingia. Mkuu wa kituo alikuwa Mzungu mrefu aliyechomwa na jua puani, mwenye haraka ya kudumu. Nilisimama mbele yake, nikamwambia kwa Kifaransa, kile cha koti na tai, kwamba nina nakala yake kwa taarifa na naomba aipokee. Akaipokea akitembea. Akasoma akitembea. Katikati ya ukumbi miguu yake ikasimama.

Alimwita mhasibu. Akamuuliza, mbele yetu, na mlinzi na mama wa usafi wakisikiliza, swali langu mimi, nililoliandika mimi: “Ni kitu gani kinachokosekana katika dosye?”

Nilikuwa nimelingoja jibu hilo tangu siku ya mlango uliofungwa. Mhasibu akafungua mdomo, akasema labda saini moja, akafunga, akasema labda ilikuwa nakala. Mkuu akasema lete dosye. Ikaletwa kutoka kwenye droo ya mhasibu. Mkuu akaifungua palepale juu ya dawati la mapokezi: agizo, hati za kila asubuhi, hati ya mwisho, faktire, barua yangu ya kwanza, barua yangu ya pili, zote na muhuri. Akageuza karatasi moja moja. Kisha akaitazama ile barua ya pili kwa muda mrefu, akamtazama mhasibu, na nikajua ameelewa, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu kuliko pua.

“Hakuna kinachokosekana,” alisema. Akachukua kalamu akasaini idhini ya malipo akiwa amesimama. “Leo. Kwa keshi.”

Dada yangu, asiyejua Kifaransa, alinivuta mkono. “Amesema nini?”

“Amesema leo.”

Akapiga vigelegele. Palepale ukumbini, mara moja, kwa sauti ya arusi. Mama wa usafi akampokea. Mzungu akashtuka, halafu akacheka, nadhani bila kujua kwa nini.

Mhasibu alikwenda kwenye kasha. Alianza kuniwekea dola mezani, na akaona ajaribu bahati yake mara ya mwisho, akachanganya noti za zamani zile zenye picha ndogo ya kichwa, ambazo Bunia nzima ilizikataa au ilizichukua kwa kupunguza. Nilizichambua kwa kidole nikazirudisha upande wake. “Hii badilisha. Na hii. Hii imepasuka, badilisha.” Alibadilisha. Akanisukumia faktire nisaini kwamba nimelipwa, nami nikamwambia wa kwetu hasaini kabla ya kuhesabu, nikahesabu mara mbili, polepole, nikilowesha kidole kwa mate, nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata hata siku ya ndoa yangu. Kisha nikasaini. Kisha nikaiweka barua ya tatu mbele yake tena.

“Muhuri,” nilisema.

Akapiga.

Bahasha mbili zilizobaki sikuzipeleka. Nilizichana njiani, maana nilikuwa nimesema nitawaeleza mashahidi shirika likishindwa kulipa, na halikushindwa. Baadaye tulisikia yule kijana haonekani tena ofisini. Sikuuliza. Wiki iliyofuata shirika lilileta agizo jipya, na mimi nikajibu kwa barua fupi ya heshima kubwa kwamba tutafurahi kuoka, nusu ya malipo ikitangulia. Mkuu wa kituo alisaini bila kubisha.

Lakini nilitaka kusema habari za mchana ule. Tulikwenda moja kwa moja kwa mfanyabiashara wa unga. Alihesabu pesa zake, akafungua sanduku, akatoa fishi ya parcelle, akampa dada yangu kwa mikono miwili. Alisema amefurahi, na ninaamini alifurahi. Dada yangu aliisoma kwa namna yake, yaani alipitisha kidole kwenye jina la mumewe mpaka mwisho wa mstari.

Nilimnyooshea kitambaa aifunge tumboni kama zamani. Mwaka ule kila mtu alificha kila kitu, pesa kwenye soksi, simu kwenye unga. Akakikataa. Akatoka nje, akaishika ile karatasi wazi kifuani kwa mikono yote miwili, na badala ya kupita vichochoroni akashika barabara kubwa, katikati, mchana kweupe, mbele ya maduka na askari na watu wa pikipiki. Kila aliyemsalimu alimwonyesha. “Iko yangu,” aliwaambia, “angalia, iko yangu,” na mimi nikatembea nyuma yake nikilia barabara nzima, mimi ambaye silii.